Milioni 13 za mapema au milioni 15 za baadaye?

Swali: Mimi na dada yangu tuna milioni 10 na tunachagua kati ya miradi miwili. Wa kwanza unarudisha milioni 6 mwaka wa kwanza, 4 mwaka wa pili, 2 wa tatu na 1 wa nne. Wa pili unarudisha 1, kisha 2, kisha 4, halafu 8 mwaka wa nne. Nimejumlisha nikapata 13 kwa 15, nikasema twende na wa pili. Dada anasema fedha za mwaka wa nne si sawa na za mwaka wa kwanza, tupige kwanza thamani halisi ya sasa. Inapigwaje, na kweli inaweza kugeuza jibu?

Jibu: Inaweza. Kwa miradi yenu hii, mshindi anategemea namba moja ambayo hujaitaja: milioni 10 hizo zingezaa kiasi gani kwa mwaka mkiziweka mahali pengine penye hatari inayofanana na hii? Namba hiyo ndiyo kiwango cha punguzo. Ikiwa chini ya asilimia 10.6 hivi, mradi wa pili unashinda. Ikivuka hapo, unashinda wa kwanza, ingawa jumla yake ni ndogo kwa milioni 2.

Tuchukue asilimia 10 kwa kuanzia. Milioni 1 uliyo nayo leo, ikizaa asilimia 10, mwakani ni milioni 1.1. Mwaka wa pili riba inazaa riba, inakuwa 1.21, wa tatu 1.331, na wa nne 1.4641. Kupunguza thamani ni kuipita njia hiyo hiyo kwa kurudi nyuma. Mtu akikuahidi milioni 8 mwaka wa nne, unajiuliza: leo ningehitaji kiasi gani ili kifike 8 wakati huo? Unagawanya 8 kwa 1.4641, unapata milioni 5.464. Kanuni nzima ni hii, ambapo `r` ni kiwango na `n` ni idadi ya miaka ya kusubiri:

```
thamani ya sasa = kiasi / (1 + r)^n
```

Sasa upande wa mradi wa kwanza. Milioni 6 za mwaka wa kwanza leo ni 5.455, 4 za mwaka wa pili ni 3.306, 2 za mwaka wa tatu ni 1.503, na 1 ya mwaka wa nne ni 0.683. Jumla yake ni 10.946. Toa milioni 10 mnazozitoa leo (hizi hazipunguzwi, kwa sababu zinatoka leo leo), inabaki 0.946. Hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa ya mradi wa kwanza: karibu 946,000. Ukifanya hivyo hivyo kwa mradi wa pili unapata 0.909, 1.653, 3.005 na 5.464, jumla 11.031, na ukitoa 10 inabaki 1.031. Kwa hiyo kwa asilimia 10 mradi wa pili bado unaongoza, ila ile tofauti ya milioni 2 uliyoiona kwenye jumla imeyeyuka hadi kufikia kama 85,000 tu.

Watu wengi huishia hapo bila kujua ile 946,000 ni kitu gani hasa. Ninapenda kuieleza kwa mkopo, kwa sababu hapo unaiona kwa macho. Tuseme leo mnakopa milioni 10.946 kwa riba ya asilimia 10, mnaweka milioni 10 kwenye mradi wa kwanza na 946,000 mnagawana mkatumie. Mwisho wa mwaka deni limefika 12.041. Mradi unaleta 6, mnalipa, linabaki 6.041. Mwaka wa pili deni linapanda hadi 6.645, mradi unaleta 4, linabaki 2.645. Mwaka wa tatu linafika 2.909, mnalipa 2, linabaki 0.909. Mwaka wa nne hiyo 0.909 imekuwa milioni 1 kamili, na mradi unaleta milioni 1 yake ya mwisho. Deni limekwisha, na hamkuongeza hata senti kutoka mfukoni. Thamani halisi ya sasa, basi, ni kile ambacho mradi unawapa leo, juu ya kurudisha mtaji na kulipa gharama ya muda wote wa kusubiri. Mradi ukitoa jibu hasi, hauwezi kulipia hata huo muda.

Sasa pandisha kiwango kidogo tu, kutoka asilimia 10 hadi 12, uone kinachotokea. Mradi wa kwanza unashuka kutoka 0.946 hadi 0.605. Wa pili unashuka kutoka 1.031 hadi 0.419, yaani umepoteza zaidi ya nusu na sasa uko nyuma. Kwa asilimia 15 wa kwanza bado una chanya ndogo ya 0.129, wakati wa pili uko chini ya sifuri kwa 0.414. Sababu ni kwamba zaidi ya nusu ya fedha za mradi wa pili zimekaa mwaka wa nne, na kiwango huzila mara nne kabla hazijafika leo. Fedha za mwaka wa kwanza huliwa mara moja tu. Kadiri fedha zilivyo mbali, ndivyo zinavyotikiswa na badiliko dogo la kiwango.

Kwa hiyo mjadala wenu wa kweli uhamie kwenye kiwango. Kama milioni 10 mtazikopa, kiwango hakiwezi kuwa chini ya riba mnayotozwa. Kama ni akiba yenu, angalieni mahali pazuri zaidi ambapo mngeziweka kama miradi hii isingekuwepo, penye hatari ya kulingana. Neno hilo la hatari lina uzito. Amana isiyo na wasiwasi haifai kuwa kipimo cha mradi unaoweza kukwama. Msichague kiwango kwa sababu kinampa ushindi mradi mlioupenda. Kiandikeni kwenye karatasi kabla ya kupiga hesabu.

Kuna mtego mmoja hapa ambao huumiza miradi ya fedha za baadaye, na nadhani uangalieni mapema: mfumuko wa bei. Riba ya benki tayari imebeba ndani yake matarajio ya bei kupanda. Kama mapato yenu ya mwaka wa nne mmeyakadiria kwa bei za leo, halafu mkayapunguza kwa riba ya benki, mmeyakata mara mbili. Ama mpandishe makadirio ya kila mwaka yafuate bei zitakazokuwepo wakati huo, ama mtumie kiwango kilichoondolewa mfumuko. Kwa riba ya asilimia 10 na mfumuko wa asilimia 6, unagawanya 1.10 kwa 1.06, unapata kiwango cha asilimia 3.8 hivi. Kwa kiwango hicho mradi wenu wa pili ungeshinda kwa mbali, kwa hiyo suala hili si la pembeni. Ulizeni waliowapa zile 6, 4, 2, 1 na 1, 2, 4, 8 kama ni fedha zitakazoshikwa mkononi mwaka husika au ni bei za leo zilizosogezwa mbele. Mimi katika hesabu hizi nimechukulia ni zitakazoshikwa mkononi, na kwamba zinaingia mwisho wa kila mwaka.

La pili la kuuliza ni uhakika wa tarehe ya ile milioni 8. Tuseme kiasi hakipungui hata kidogo, ila malipo yanachelewa mwaka mmoja, yanaingia mwaka wa tano. Kwa asilimia 10, thamani ya leo ya 8 hiyo inatoka 5.464 hadi 4.967, na mradi mzima unashuka kutoka 1.031 hadi 0.535. Mradi wa kwanza umeshaupita. Hata kwa asilimia 8, ambako mradi wa pili ulikuwa na nafasi nzuri, 1.696 dhidi ya 1.308, ucheleweshaji huo unaurudisha hadi 1.261. Kwa hiyo ushindi wa mradi wa pili umesimama juu ya malipo moja kufika kwa wakati. Ningekuwa mimi, ningetaka kuona kwenye mkataba siku yenyewe ya malipo na fidia ya kuchelewa, na kama hakuna, ningeuhesabu kwa mwaka wa tano tangu mwanzo.

Mkienda kupiga hesabu kwenye jedwali la kompyuta, angalieni kosa hili. Kanuni ya `NPV`, kifupi cha Kiingereza cha thamani halisi ya sasa, huchukulia kwamba namba ya kwanza unayoipa inaingia mwisho wa mwaka wa kwanza, siyo leo. Ukiijumuisha ile hasi milioni 10 humo ndani, nayo inapunguzwa kwa mwaka, na zote zilizobaki zinasogezwa mwaka mmoja mbele. Kama `B1` ni mtaji wa leo ulioandikwa kama hasi na `B2` hadi `B5` ni mapato, iandike hivi:

```
=B1+NPV(10%,B2:B5)
```

Ukiandika `=NPV(10%,B1:B5)` unapata jibu sahihi lililogawanywa kwa 1.1. Miradi yote miwili ikikosewa namna moja, mpangilio haubadiliki na hakuna atakayeshtuka. Balaa ni pale kila mtu anapopiga mradi wake kwa njia yake. Wewe ukiupiga wa pili kimakosa utapata 0.938, na dada akiupiga wa kwanza sawasawa atapata 0.946, mtaondoka mezani mkiamini kwa kiwango cha asilimia 10 wa kwanza umeshinda wakati haukushinda. Njia ya kujikagua ni kupiga mradi mmoja kwa kikokotoo cha mkononi, mwaka kwa mwaka kama nilivyofanya hapo juu. Jibu la jedwali likiwa dogo, lizidishe kwa 1 jumlisha kiwango. Likilingana na la mkononi, kosa ni hilo.