Fomula ya derivativi ya n: acha kuzidisha namba

"Wakuu, nimeambiwa nitafute derivativi ya n ya ln(2x+3). Nimedifferenshieti mara nne nikapata juu 2, -4, 16, -96, sioni mpangilio wowote. Msaada."

Mkuu namba zako ziko sawa kabisa, shida ni kwamba umezizidisha. Hapo ndipo wengi ninaowafundisha tuisheni hukwama, maana ukiona 2, 4, 16 akili inakimbilia kwenye "kila moja ni kipeo cha pili cha iliyotangulia", unategemea 256 halafu inakuja 96, basi unachanganyikiwa. Dawa yake ni kuacha kila kitu bila kuzidisha, ili uone kila namba imetokea wapi.

Anza na derivativi ya kwanza, iandike hivi: 2(2x+3)^(-1). Sasa kila ukidifferenshieti vinatokea vitu viwili, kipeo kinashuka mbele (ndio kinaleta ile hasi) na 2 moja inatoka ndani ya mabano kwa sababu ya cheni ruli. Kwa hiyo:

```
f'    =  2 (2x+3)^(-1)
f''   = -1 · 2^2 (2x+3)^(-2)
f'''  =  1·2 · 2^3 (2x+3)^(-3)
f'''' = -1·2·3 · 2^4 (2x+3)^(-4)
```

Ile 96 yako ni 6 mara 16 tu, yaani 3! mara 2^4. Soma kwa kushuka, kitu kimoja kimoja: kipeo cha 2 ni n, kipeo cha mabano ni -n, faktoria iko nyuma kwa hatua moja kwa hiyo ni (n-1)!, na alama inaanza chanya kwenye n = 1 kwa hiyo ni (-1)^(n-1), ukiweka (-1)^n alama zote zinageuka.

```
f^(n)(x) = (-1)^(n-1) (n-1)! 2^n / (2x+3)^n
```

Hii ni kuanzia n = 1. Ukiweka 0 inakuja (-1)! ambayo haipo, na ni haki yake, fanksheni yenyewe ni logi, haifanani na watoto wake.

Usiishie hapo lakini, mistari minne haithibitishi kitu. Chukua fomula kwenye k uidifferenshieti mara moja: inashuka -k na inatoka 2 nyingine, (k-1)! mara k inakuwa k!, 2^k inakuwa 2^(k+1), alama inageuka. Hiyo ni fomula ileile kwenye k+1, induksheni imekwisha.

Ukikutana na 1/(x^2-1) usianze kudifferenshieti hivyo hivyo, utazama kwenye kwoshenti ruli. Ivunje kwanza iwe (1/2)[1/(x-1) - 1/(x+1)], kila kipande kina mpangilio wake rahisi. Ila tan x usijisumbue kwa njia hii, vipande vinaongezeka kadiri unavyoendelea na namba za mbele hazina mpangilio rahisi wa kushika.