Onyo la uchelewaji kwa barua pepe: andika kinachothibitika

Ukianza kazi ofisi ya rasilimali watu, moja ya barua za mwanzo utakazopewa uandike ni ya onyo kwa mfanyakazi anayechelewa. Inaonekana kazi ndogo. Msimamizi anakuja amekasirika, anakuachia rasimu aliyoiandika usiku, anakwambia irekebishe lugha kisha itume. Usiitume. Inasomeka hivi kwa kawaida: "Umekuwa mchelewaji sugu, kila siku unaingia unavyotaka, huna adabu na ni wazi kazi huitaki. Ukiendelea utatuona wabaya."

Shida ya maneno haya si ukali peke yake. Hakuna hata sentensi moja humo inayoweza kuthibitishwa. "Kila siku" ni uongo ikiwa kuna siku aliwahi, na yeye atazitaja hizo. "Huna adabu" ni hukumu juu ya tabia yake, wala hakuna mashine ya mahudhurio inayopima adabu. "Utatuona wabaya" ni kitisho, si taarifa ya hatua. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwamuzi atakayeisoma barua hiyo hamjui yeyote kati yenu. Atatafuta mambo machache tu: kulikuwa na kanuni gani, mfanyakazi aliijua, aliivunja lini, alisikilizwa, na wenzake wanatendewa vilevile? Hayo yamo kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinazokwenda pamoja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kanuni ya 12 inasema pia kwamba kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa kama ni kosa zito. Kwa uchelewaji, basi, maonyo ndiyo njia yenyewe, na kila onyo ni ushahidi wa kesho.

Nitumie mfano mmoja hadi mwisho: mhudumu wa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam, zamu yake inaanza saa 2:00 asubuhi.

Kabla hujaandika neno, chukua taarifa ya mashine ya alama za vidole na uipitie siku moja baada ya nyingine. Msimamizi alisema amechelewa mara tano mwezi Mei. Mashine nayo ilionyesha mara tano. Lakini ukilinganisha na daftari la mlinzi na ujumbe wa simu wa msimamizi mwenyewe, Ijumaa tarehe 16 alikuwa ametumwa apitie benki kuweka fedha za mauzo, ndiyo maana aliingia saa 3:20. Hiyo unaitoa, zinabaki nne. Msimamizi atalalamika kwamba unaidhoofisha barua, nawe mweleze kinyume chake: mfanyakazi akikuta siku moja isiyo ya kweli, barua nzima inageuka kuwa mjadala wa siku hiyo, na zile nne za kweli hazizungumzwi tena. Angalia pia kama saa ya mashine iko sawa. Umeme ukikatika na betri ya ndani ikawa imechoka, mashine inaweza kurudi na saa isiyo sahihi. Dalili yake huonekana haraka, kwa sababu siku hiyo wafanyakazi wote wanaonekana wamechelewa kwa dakika zinazokaribiana.

Jambo la pili, msikilize kwanza. Mwite mzungumze, au mwombe barua ya kujieleza, kabla hujaamua kama onyo linastahili. Mhudumu wetu alisema anatoka Chanika, anamwacha mtoto shuleni saa 1:00, na daladala za saa hiyo zinajaa. Maelezo hayo yanaingia kwenye barua kama alivyoyasema, bila "eti" na bila "kisingizio chako". Unaweza usiyakubali kama sababu ya kutosha, lakini yaandike, kwa sababu yanaonyesha kuwa alisikilizwa, na mara nyingi ndani yake ndimo lilimo suluhisho.

Hapo ndipo unaandika. Barua iliyokamilika ilikuwa hivi:

Kichwa: ONYO LA KWANZA LA MAANDISHI – KUCHELEWA KAZINI, MEI 2025

Ndugu (jina kamili),

Kifungu cha 4 cha Kanuni za Nidhamu za kampuni, ulizozisaini ulipoajiriwa, kinakutaka uwe kwenye kituo chako cha kazi zamu inapoanza. Zamu yako inaanza saa 2:00 asubuhi.

Tarehe 28 Aprili 2025 msimamizi wako alizungumza nawe kuhusu kuchelewa na mkakubaliana kuwa utafika kwa wakati. Baada ya hapo, kumbukumbu za mashine ya mahudhurio zinaonyesha uliingia kama ifuatavyo:

Jumatano 7 Mei, saa 2:24 asubuhi (mashine: 08:24)
Jumanne 13 Mei, saa 2:41 asubuhi (mashine: 08:41)
Jumatatu 19 Mei, saa 2:35 asubuhi (mashine: 08:35)
Alhamisi 22 Mei, saa 2:52 asubuhi (mashine: 08:52)

Katika siku hizo nne hakuna taarifa ya kuchelewa iliyomfikia msimamizi kabla ya saa 2:00. Tarehe 13 na 22 kaunta ilifunguliwa na mtunza stoo, na upokeaji wa mizigo ukasimama hadi ulipofika.

Tulipozungumza Ijumaa 23 Mei ulieleza kuwa unampeleka mtoto shuleni na kwamba usafiri kutoka Chanika ni mgumu saa hiyo. Tumeyazingatia maelezo hayo. Hata hivyo, hukuomba kubadilishiwa zamu wala kutoa taarifa siku husika.

Kwa hiyo unapewa onyo la kwanza la maandishi. Kuanzia leo unatakiwa kuwa kwenye kituo chako saa 2:00 asubuhi kila siku ya zamu. Ukipata dharura, mpigie msimamizi simu kabla ya saa 1:45 asubuhi. Ukihitaji zamu inayoanza saa 3:00, wasilisha ombi kwa maandishi, nasi tutakujibu ndani ya siku tatu za kazi.

Onyo hili litadumu miezi 6, hadi 25 Novemba 2025. Ukirudia kosa hili ndani ya muda huo bila sababu ya msingi, hatua inayofuata kwa mujibu wa kanuni zetu ni onyo la mwisho la maandishi.

Kama hukubaliani na jambo lolote humu, unaweza kujibu kwa maandishi au kukata rufaa kwa meneja mkuu ndani ya siku tano za kazi. Majibu yako yatawekwa kwenye faili pamoja na barua hii.

Tafadhali jibu barua pepe hii kuthibitisha kuwa umeipokea. Kuthibitisha kupokea si kukiri kosa.

Angalia jinsi saa zilivyoandikwa. Mashine inachapa 08:24, sisi tunasema saa mbili na dakika ishirini na nne. Ukiandika "saa 8:24" bila zaidi, unaweza kuwa umemtuhumu mtu kuingia kazini mchana. Kwa hiyo andika saa kwa Kiswahili pamoja na neno asubuhi, kisha weka namba ya mashine pembeni mara moja, ili anayeishika ile karatasi ya mahudhurio aione inafanana na barua.

Aya ya madhara, ile ya kaunta na mizigo, inawashinda wengi kwa sababu wanaipamba. "Umeisababishia kampuni hasara kubwa" ni dai linalohitaji hesabu. Kama huna hesabu, sema kilichoonekana: nani alifungua kaunta, kazi gani ilisimama. Kama hakuna kilichosimama, iache aya hiyo kabisa. Kuchelewa mara nne baada ya kuzungumzwa nawe kunatosha kuwa sababu ya onyo.

Utashawishiwa kuongeza mengine. Msimamizi atataka uweke na suala la simu kauntani, na la sare, na lile neno alilomjibu mteja mwezi wa pili. Kataa. Barua moja, kosa moja. Ukiyachanganya, siku ukitaka kuonyesha kuwa kosa limerudiwa, hakuna atakayejua ni lipi hasa lilionywa. Vivyo hivyo usitishie kumkata mshahara kama adhabu, kwa kuwa kifungu cha 28 cha Sheria kinabana sana makato ambayo mwajiri anaweza kufanya. Na usiandike "utafukuzwa" kama hatua inayofuata kwenye kanuni zenu ni onyo la mwisho. Taja hatua ile ile iliyomo kwenye kanuni zenu, na muda wa onyo uwe ule ulioandikwa humo.

Kuna swali moja la kujiuliza kabla ya kubonyeza kutuma, nalo halimpendezi msimamizi: nani mwingine amechelewa mwezi huo? Fungua taarifa ya mashine ya wafanyakazi wote. Ukikuta dereva ana siku sita na hakuna aliyemsemesha, barua ya mhudumu wa kaunta itaonekana ya chuki hata kama kila dakika iliyomo ni ya kweli. Aliye na hali sawa apate hatua sawa, ndipo uitume.

Tuma kwenye anwani yake ya kazi, nakala kwa msimamizi wake na faili la rasilimali watu, basi. Usiweke nakala kwa idara nzima, na usiibandike kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Wahudumu wengi wa kaunta hawafungui barua pepe kila siku, kwa hiyo ichapishe pia, umkabidhi faraghani asaini nakala ya kupokea. Akikataa kusaini usibishane naye. Msomee mbele ya shahidi mmoja, kisha shahidi aandike chini: "Amesomewa na kukabidhiwa nakala, amekataa kusaini", aweke tarehe, saa na saini yake mwenyewe.

Majibu yakija, yasome kama ulivyotaka barua yako isomwe. Mhudumu wetu alijibu siku ya pili. Alikubali tarehe tatu, na kuhusu tarehe 19 alisema alimtumia msimamizi ujumbe saa 1:30. Ulitafutwa kwenye simu ya msimamizi ukapatikana, haujafunguliwa. Hapo unaandika barua fupi ya marekebisho kwamba tarehe 19 taarifa ilitolewa kabla ya zamu, na kwamba onyo linabaki kwa tarehe 7, 13 na 22. Unaambatisha ujumbe huo, barua ya kwanza, majibu yake na marekebisho kwenye faili moja. Kisha unashughulikia lile ombi la zamu ya saa 3:00 alilolileta pamoja na majibu, kabla siku tatu za kazi ulizoahidi hazijaisha.