Maswali na majibu: Taa za mbele, halojeni, zenoni au LED?

Fundi, nimetoa balbu za halojeni kwenye Probox nikaweka za LED. Boksi limeandikwa lumeni 20,000. Mbele panang'aa kweli, lakini usiku kati ya Mingoyo na Mtwara kila gari linalokuja linanipigia fulu. Kosa liko wapi? (Dereva, Lindi)

Kwanza hilo boksi. Geuza upande wa pili usome wati. Balbu za namna hiyo kwa kawaida hula wati 25 hadi 30 kila moja, na LED nzuri hutoa karibu lumeni 100 kwa wati. Kwa hiyo unazo lumeni 2,500 au 3,000, nazo hupungua balbu ikipata moto. Hiyo 20,000 ni ya kuuzia tu. Hata hivyo mwanga umeongezeka kweli: balbu ya halojeni ya H4, kwenye taa ya chini, hutoa lumeni kama 1,000 kwa wati 55.

Wanaokupigia fulu hawalalamikii wingi wa mwanga, wanalalamikia unakokwenda. Ndani ya H4 kuna nyuzi mbili. Chini ya uzi wa taa ya chini kuna kikombe kidogo cha chuma, kazi yake ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya reflekta, maana ukifika huko unarushwa juu, usoni mwa mwenzio. Reflekta nayo imechongwa kwa kuamini kwamba uzi uko mahali pake hasa. LED haina uzi. Ina vipande vya mwanga vilivyobandikwa pande mbili za bamba, na bamba likiwa nene, au vipande vikiwa nje ya mahali pa uzi kwa milimita moja tu, mpangilio wote unavurugika.

Jipime mwenyewe usiku. Egesha gari sehemu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, upepo wa matairi ukiwa sawa. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, weka alama ukutani kwa kimo hicho hicho, kisha washa taa ya chini, upande mmoja mmoja. Unatakiwa kuona mpaka wazi wa mwanga na giza, sentimita 5 chini ya alama, ukipanda kidogo kuelekea kushoto kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto. Ukiona doa jeupe lisilo na mpaka, au mwanga juu ya alama, chomoa balbu uizungushe hadi vipande vyake vitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Wengine hupona hapo.

Isipopona, rudisha halojeni. Najua watakaokushauri ukaze skrubu taa zitazame chini. Wenzako watapumzika, ila wewe mwanga wote utaumwaga mita chache mbele ya bampa. Jicho likizoea weupe huo wa karibu, mbele zaidi panakuwa peusi kuliko ulivyokuwa na halojeni, na mwendesha baiskeli asiye na taa utamwona umeshamfikia. LED ya kiwandani ni habari nyingine: taa nzima, pamoja na lenzi au reflekta, imebuniwa kwa ajili yake.

Mimi sijabadilisha chochote, balbu ni halojeni ya kawaida, lakini msimu wa korosho nikipakia nyuma nalaumiwa vile vile. (Mfanyabiashara, Masasi)

Mzigo unakalisha nyuma na kuinua pua. Tufanye hesabu. Taa iko sentimita 65 kutoka ardhini na imelengwa kushuka sentimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo mwanga unagusa lami mita 65 mbele. Umbali kati ya ekseli ni kama mita 2.5. Magunia yakishusha nyuma sentimita 5, gari linainama sentimita 2 kwa kila mita. Mwanga uliokuwa unashuka sentimita 1 sasa unapanda sentimita 1. Mita 50 mbele umefika sentimita 115 kutoka ardhini, na hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo.

Tafuta kwenye dashibodi kigurudumu kidogo chenye alama ya taa na namba kuanzia 0. Ukipakia, kizungushe kwenda namba kubwa. Magari mengi ya Japani yanacho, na wenye nayo wengi hawajawahi kukigusa.

Gari langu lilikuja na zenoni za kiwandani. Ya kulia imegeuka rangi ya pinki na wakati mwingine inazima yenyewe. Ninunue balbu au kile kiboksi? (Msomaji, Nachingwea)

Pinki au zambarau ni dalili ya balbu iliyochoka. Zenoni haiungui ghafla kama halojeni. Hufifia, hubadilika rangi, mwishowe hukataa kushika moto. Ili kuwa na uhakika, hamisha balbu ya kulia iende kushoto. Ugonjwa ukihama nayo, ni balbu. Ukibaki kulia, kagua soketi na kiboksi, yaani balasti. Kama ni balbu, nunua mbili, kwa sababu mpya na kuukuu hazifanani rangi wala nguvu.

Kabla ya kushika chochote zima taa, chomoa waya wa betri na usubiri kidogo. Kuiwasha balbu hiyo balasti hutoa pigo la volti zaidi ya 20,000.

Kwa ukungu wa asubuhi kule Newala, nyeupe na njano ipi inapenya? (Dereva wa kosta)

Hakuna inayopenya. Matone ya ukungu ni makubwa mno kwa rangi kuleta tofauti ya maana. Kinachobadilika ni karaha machoni: halojeni iko karibu kelvini 3,200, manjano, zenoni ya kiwandani 4,300, LED nyingi 5,500 hadi 6,500, na weupe wenye buluu unaporudishwa na ukungu huumiza zaidi. Tumia taa ya chini, punguza mwendo. Halojeni zilizopakwa rangi ya buluu ziache dukani. Hiyo rangi inakula mwanga uliokwishaulipia.

LED itanipunguzia mafuta? (Msomaji, Mikindani)

Kidogo sana. Taa mbili za halojeni hula wati 110, zenoni kama 70 na LED za kawaida 50 au chini. Kwa hesabu yangu utaokoa lita moja ya petroli kwa zaidi ya saa 20 za taa kuwaka.

Halojeni zangu zinaungua kila baada ya miezi miwili. Nikihamia LED nitapumzika? (Dereva teksi, Mtwara mjini)

Halojeni nzuri hudumu saa 500 hadi 1,000, zenoni 2,000 hadi 3,000, na LED ya kiwandani hupita 10,000. LED za bei rahisi mara nyingi hufa mapema, si kwa kuchoka, bali kwa feni kusimama na saketi kuungua.

Wewe pima umeme kwanza. Injini ikiwa inaunguruma, weka mita kwenye betri. Ikisoma 13.8 hadi 14.5, altaneta ni nzima. Kagua basi kama soketi imelegea, au kama anayekuwekea balbu anashika kioo kwa vidole, maana mafuta ya ngozi hukipasua kikipata joto. Ikisoma 15 au zaidi, regyuleta imekufa. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya halojeni hupungua karibu nusu, na LED utakayoweka hapo nayo itaungua, pengine na betri kuifuata.