Jirongo ndiye nani?

Swali la wiki: "Mbona Sheng, lugha ya vijana wetu mjini, inatupita, sisi tuliokulia mji huohuo?"

Nina kioski Umoja, Nairobi. Mwezi jana nilimwambia kijana wangu wa miaka 16 achukue jirongo kwenye droo amlipe mtu wa mkate. Akanikodolea macho. "Mathe, Jirongo ndiye nani?" Sisi tuliokuwa vijana 1992 hatuulizi hivyo. Noti za 500 zilimwagwa kwenye kampeni ya mwaka ule, na watu wakazibandika jina la Cyrus Jirongo, kinara wa vijana wa KANU. Nikamweleza. "Aa, soo tano! Si ungesema tu."

Soo ya shilingi 100 hata sisi tulikuwa nayo. Mbao ya shilingi 20 na ashu ya 10 pia zingali hai. Kilichoziokoa, naona, ni matatu. Makanga anadai nauli kwa kijana na kwa nyanya mwenye gunia la sukuma, na wote sharti waelewe. Nauli za mtaani hazifiki 500, kwa hiyo jirongo haikuwa na mtu wa kuibeba.

Maneno ya kuficha ndiyo hayakai. Polisi tulimwita karao. Leo karao anaandikwa hata gazetini, na mama yangu anamtaja akitoka kanisani, basi neno limekwisha kazi. Vijana wakaja na sanse. Kama nami nimeshalijua, bila shaka wenyewe wako njiani kulihama.

Lakini sikiliza sentensi yenyewe: "Sanse wameingia baze, tuishie," yaani polisi wameingia kijiweni, tuondoke. Ule *wame-* na ule *tu-* ni Kiswahili cha kila siku. Sarufi haijaguswa sana, yanayobadilishwa ni majina na mizizi ya vitenzi. Ndiyo maana inaudhi kuliko lugha ya kigeni: namsikia nani na lini, ila nini ndiyo inanipita. Na Sheng yangu mimi iliganda mwaka nilioacha kukaa baze, nikapata mtoto na kazi. Nikiitumia nyumbani huchekwa kama suruali ya zamani.

Sasa binti yangu na wenzake wana shembeteng. Jina lenyewe linakuonyesha ufundi wake: chukua sheng, ipasue katikati, chomeka silabi. Wakiongea haraka mbele ya kaunta yangu sishiki hata neno moja, na hiyo ndiyo shabaha yao.

Mama yangu alilelewa Mombasa. Alipowasikia alicheka sana, akasema wao walikuwa na kinyume: maji yakawa jima, silabi zinapinduliwa ili wakubwa wasijue. Binti akaketi karibu yake, akamfanya arudie polepole, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini: "Shosho, nani mwingine anaijua hii?"