Maswali na majibu: mstari, pambizo na ujanja wa keneli

Vikundi viwili vya nukta vinaweza kutenganishwa na mistari chungu nzima. Hii SVM, yaani support vector machine, mbinu ya kufunza kompyuta kugawa nukta katika makundi, inachagua vipi mmoja, na kwa nini uwe huo?

Inachagua ule unaokaa mbali kadiri iwezekanavyo na nukta za karibu za pande zote mbili. Chora kwenye karatasi ya miraba kundi A: (1,2), (2,1), (2,3), na kundi B: (6,1), (6,3), (8,2). Mstari wima unaopita x = 2.5 unatenganisha vizuri, lakini nukta mpya ya A ikitua kwenye x = 2.7 itahesabiwa kuwa ya B, ingawa imejongea kidogo tu kutoka kwa wenzake. Mstari wa x = 4 unaacha hatua 2 kila upande. Ukanda huo mtupu, kuanzia 2 hadi 6, ndio pambizo, na SVM hutafuta mstari wenye pambizo pana kuliko yote.

Sasa futa (1,2) na (8,2), ufunze upya. Mstari haujongei hata unywele, kwa sababu nukta hizo mbili hazikuwa zikigusa ukingo wa pambizo. Lakini sogeza (2,1) na (2,3) hatua moja kulia, na mstari unahamia 4.5. Nukta za ukingoni, ambazo mstari unaziegemea, ndizo zilizoipa mbinu jina: vekta egemeo. Hata ukiwa na maelfu ya nukta nyuma ya ukingo, hazina kauli.

Data yangu ina nukta moja iliyopotoka, nayo inavuta mstari wote. Nimeambiwa nibadilishe C, lakini C ni nini hasa?

Ni faini. Mstari unaotegemea nukta chache za mpakani unaweza kuyumbishwa na nukta moja mbovu. Ongeza kwenye mfano wetu wa mwanzo nukta ya A katika (5,2). Ukilazimisha kila nukta ikae nje ya pambizo upande wake, mstari unakimbilia 5.5 na pambizo inasinyaa kutoka 4 hadi 1. Ndiyo maana mwaka 1995 Cortes na Vapnik walichapisha namna laini: nukta inaruhusiwa kuingia ndani ya pambizo, au hata kuvuka mstari, ila inatozwa kadiri ilivyoingia. C ndiyo kiwango cha tozo hiyo. Jaribu mwenyewe kwa Python, ukitumia maktaba ya scikit-learn:

```python
from sklearn.svm import SVC
X = [[1,2],[2,1],[2,3],[5,2],[6,1],[6,3],[8,2]]
y = [0,0,0,0,1,1,1]
for C in (0.1, 1, 10):
    m = SVC(kernel="linear", C=C).fit(X, y)
    print(C, -m.intercept_[0] / m.coef_[0][0])
```

Namba ya pili ni mahali mstari unapokata mhimili wa x, ukiacha tofauti ndogo za ukadiriaji. Kwa C = 0.1 ni 4: modeli imeona heri ilipe faini ya nukta moja kuliko kuipoteza pambizo pana. Kwa C = 1 mstari unafika 5, juu ya ile nukta yenyewe. Kwa C = 10 unafika 5.5, kama vile hakuna ulaini wowote, na ukipandisha C zaidi ya hapo hakitabadilika kitu.

Ipi ni sahihi? Karatasi haiwezi kukujibu. Kama (5,2) ni kosa la kupima, 4 ni bora. Kama ni nukta halali ya A, huenda 5.5 ndiyo kweli. Kwa data halisi, jaribu C kwa kuruka mara kumi kumi, kutoka 0.01 hadi 100, ukipima kila mara kwa data ambayo modeli haikufunzwa nayo. Kuhangaika kati ya 1 na 1.2 ni kupoteza muda.

Kila mtu anasema keneli "inapeleka data kwenye vipimo vingi zaidi". Inapeleka wapi, na mbona kompyuta haizidiwi?

Anza na mstari wa namba. Kundi A liko −1, 0 na 1; kundi B liko −3 na 3. Hakuna mahali pamoja pa kukata, maana B imeizingira A pande zote. Sasa ipe kila nukta kimo kilicho sawa na mraba wake: A inabaki chini, kwenye 0 na 1, na B inapanda hadi 9. Mstari mlalo kwenye kimo cha 5 unatenganisha. Ukirudi chini kwenye mstari wa namba, mkato huo mmoja unakuwa mipaka miwili, karibu −2.24 na 2.24. Mpaka ulionyooka kule juu umekuwa si wa kunyooka huku chini.

Kuhusu kuzidiwa: SVM haihitaji kujua nukta ziko wapi huko juu. Inachohitaji ni zao la ndani la kila jozi, yaani kuzidisha namba kwa mwenzake kisha kujumlisha, na keneli, fomula ya kulinganisha nukta mbili, inalitoa bila kupanda. Chukua (1,2) na (3,1). Zao lao la ndani ni 3 + 2 = 5, na mraba wake ni 25. Sasa pitia njia ndefu: geuza kila nukta (a, b) kuwa namba tatu, a², √2·ab na b². Unapata (1, 2√2, 4) na (9, 3√2, 1), na zao lao ni 9 + 12 + 4 = 25. Jibu ni lilelile, ila njia ya kwanza haikugusa kipimo cha tatu. Boser, Guyon na Vapnik waliuunganisha ujanja huu na pambizo pana mwaka 1992.

Natumia keneli ya RBF. Kwenye data ya mafunzo napata asilimia 100, kwenye majaribio ni kama kurusha sarafu. Kosa liko wapi?

Angalia `gamma`, ukishaziweka safu za data kwenye kipimo kimoja. RBF hupima ukaribu wa nukta mbili kwa `exp(-gamma * d**2)`, d ikiwa umbali kati yao. Kwa gamma = 1, umbali wa 1 unatoa ukaribu wa 0.37, na umbali wa 3 unatoa takriban 0.0001, yaani hawajuani. Gamma ikizidi, kila nukta inakuwa kisiwa chake na modeli inakariri. Dalili yake iko kwenye `m.n_support_`: ukikuta karibu nukta zote za mafunzo ni vekta egemeo, na huku alama za mafunzo ni kamili, umekamata mwizi.

Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni vizio vya kupimia. Safu moja ikiwa urefu kwa mita na nyingine uzito kwa gramu, tofauti ya mita 0.3 inachangia 0.09 kwenye d², ilhali gramu 20,000 zinachangia milioni 400. Urefu umefutika. Weka `StandardScaler`, inayosawazisha safu zote, mbele ya `SVC` kwa `make_pipeline`, ili wastani uhesabiwe kwa data ya mafunzo pekee, ndipo ushike gamma na C kwa pamoja.

Nina safu mlalo 500,000 na SVC haimalizi. Niongeze RAM?

Usiongeze. Jozi za nukta 50,000 tu ni bilioni 2.5, kwa baiti 8 kila moja, hizo ni gigabaiti 20, na zako ni mara mia. `SVC` hutunza sehemu ndogo tu (`cache_size` ni megabaiti 200 usipoibadilisha) na nyingine inazikokotoa upya. Jaribu `LinearSVC`, isiyotumia keneli, au chukua sampuli ya 20,000 ukitaka RBF.