Shairi la cherehani: zoezi la kutambua tashbihi, sitiari na tashihisi

Nimefundisha fasihi kidato cha tatu na cha nne kwa miaka kadhaa, na swali linalowatoa jasho wanafunzi wangu ni lile fupi kuliko yote: "Bainisha tamathali tatu za usemi zilizotumika katika shairi hili." Wanazijua maana zake. Ukimwamsha mmoja usiku wa manane atakuambia tashbihi hulinganisha kwa kutumia "kama", sitiari hulinganisha moja kwa moja, tashihisi humpa uhai asiyekuwa nao. Mpe shairi sasa. Atawinda neno "kama", akilipata atalinakili, kisha atabahatisha hayo mengine mawili.

Basi nikaamua kutunga shairi la mazoezi na kulitegea mitego makusudi. Nililitunga kuhusu cherehani ya baba yangu, kwa kuwa nimekua nikiisikia. Lisome mara mbili, uchukue penseli, upige mstari chini ya kila tamathali unayoiona. Maelezo yangu yafunike kwa daftari kwanza.

Cherehani ya Baba

Alfajiri ikifika, cherehani barazani,
Huamka ikacheka, yamwita baba kitini,
Sindano yashuka, shuka, kama kuku mahindini,
Na kitambaa chatoka, mto uendao pwani.

Cherehani ndiyo shamba, livunwalo kila mwaka,
Njaa yazunguka nyumba, yabisha ikaondoka,
Uzi mithili ya kamba, hautaki kukatika,
Kama itakoma kwimba, shule nani atafika?

Baba ni fundi wa nguo, mgongo wake ni uta,
Miguu yaenda mbio, ja jeshi laenda vita,
Taa yaomba kituo, yamekwisha na mafuta,
Yeye kwetu kimbilio, kivuli kisichopita.

Tuanze na tashbihi, maana ndiyo inayodhaniwa kuwa rahisi. Ziko tatu. Ya kwanza iko ubeti wa 1, mshororo wa 3: "sindano yashuka, shuka, kama kuku mahindini." Kinacholinganishwa ni mwendo wa sindano, kinacholinganishwa nacho ni kuku anayedonoa mahindi yaliyoanikwa, na kiungo ni "kama". Ya pili ni "uzi mithili ya kamba", kiungo chake "mithili ya". Ya tatu ndiyo inayowapita wengi: "miguu yaenda mbio, ja jeshi laenda vita." Neno "ja" ni la zamani, maana yake ni "kama", na washairi hulipenda kwa sababu lina silabi moja tu. Mizani ikibana, "ja" huokoa. Viungo vingine utakavyokutana navyo ni "mfano wa", "sawa na", "kana kwamba" na "utadhani".

Sasa tazama ubeti wa 2, mshororo wa mwisho: "Kama itakoma kwimba, shule nani atafika?" Nilipowapa darasa zima shairi hili mara ya kwanza, zaidi ya nusu waliandika hiyo ni tashbihi. Siyo. "Kama" hapa ni ya sharti, maana yake "iwapo". Hakuna vitu viwili vinavyolinganishwa. Dawa yake ni kuweka "iwapo" mahali pa "kama": sentensi ikibaki na maana, hiyo si tashbihi. Jaribu kwa kuku: "sindano yashuka iwapo kuku mahindini." Imekataa, kwa hiyo ile ni tashbihi ya kweli. Jihadhari pia na "kama" ya kukisia, kama katika "walikuja watu kama kumi", na "kama vile" inayotanguliza mifano. Zote hazihusiki.

Twende kwenye sitiari, ambayo katika vitabu vingine utaikuta ikiitwa istiara. Mwanafunzi aliyezoea "Juma ni simba" huwinda neno "ni", na mimi mtegaji nimempa "ni" ya bure: "Baba ni fundi wa nguo." Hiyo si tamathali hata kidogo. Baba ni fundi wa nguo kwelikweli, analipwa kwa kazi hiyo. Jiulize swali moja tu: je, jambo hili ni kweli kama lilivyosemwa? Likiwa kweli, pita. Likiwa haliwezekani, simama. "Mgongo wake ni uta" haliwezekani. Uta ni ule upinde wa kurushia mishale, na hakuna mtu aliyezaliwa na upinde mahali pa mgongo. Mgongo umepinda kwa miaka ya kuinamia kazi, nasi tumeitwa tuone umbo hilo kwa jicho la uta. Hiyo ni sitiari.

"Cherehani ndiyo shamba" ni sitiari vilevile, ijapokuwa "ni" imegeuka "ndiyo". Familia nyingine hula kwa jembe, sisi tulikula kwa sindano.

Ngumu zaidi ni ile isiyo na "ni" wala "ndiyo". Rudi ubeti wa 1: "Na kitambaa chatoka, mto uendao pwani." Kitambaa kimetajwa, ikafuata koma, kisha mto ukawekwa kando yake bila kiungo chochote. Kitambaa kinachoteleza upande wa pili wa mashine kimeitwa mto. Njia ya kujihakikishia ni kuchomeka "kama" mwenyewe: "kitambaa chatoka kama mto uendao pwani." Maana imeshika vizuri, kumbe ulinganishi ulikuwepo ila kiungo kimefichwa. Ulinganishi uliofichwa kiungo ndio sitiari. Lakini ukijibu, usiichomeke hiyo "kama" kwenye dondoo lako. Mtahini ataona umegeuza maneno ya mshairi na kuifanya tashbihi.

Mshororo wa mwisho wa shairi una sitiari mbili za nguvu tofauti. "Kivuli kisichopita" haina ubishi, mtu si kivuli. "Yeye kwetu kimbilio" mimi nisingeichagua. Mtu anaweza kuwa kimbilio la watoto wake bila fumbo lolote, kwa sababu wakipatwa na jambo humkimbilia. Mtahini mmoja atakupa alama, mwingine atakunyima. Shairi likikupa mifano mitano nawe umeombwa mmoja, andika ule ambao hata mtu mkaidi hawezi kuupinga.

Imebaki tashihisi, ambayo wengine huiita uhuishi. Mtihani ukitumia jina lolote kati ya hayo mawili, usitishike. Hapa usitazame nomino, tazama kitenzi. Cherehani "huamka", "ikacheka", "yamwita baba". Njaa "yazunguka nyumba, yabisha ikaondoka", kama mdai aliyekuta mlango umefungwa. Taa "yaomba kituo". Cherehani "itakoma kwimba", na "kwimba" ni "kuimba" iliyofupishwa kwa ajili ya mizani. Hebu ona: mshororo uleule wenye mtego wa "kama" una tashihisi ndani yake. Aliyekimbilia tashbihi amekosa alama huku jibu likimtazama.

Tahadhari, si kila kitenzi kinachofuata kitu kisicho na uhai ni tashihisi. "Kitambaa chatoka" ni maneno ya kawaida, vitu hutoka. "Sindano yashuka" ni vivyo hivyo. Kitenzi kiwe cha kiumbe mwenye hisia, sauti au nia: kucheka, kuita, kubisha, kuomba. Hata "hautaki kukatika" nina shaka nayo. Kutaka ni nia, ndiyo, lakini kila siku twasema "gari halitaki kuwaka" bila kuona picha ya gari lenye kiburi. Usemi umechakaa kwa kutumiwa. Nikisahihisha mimi nitaipa alama, ila kwa nini uihatarishe hali njaa inabisha mlango mshororo mmoja tu juu yake?

Wanafunzi hunibishia kuhusu njaa. Wanasema hapo njaa imelinganishwa na mtu, kwa hiyo ni sitiari. Hoja yao si mbaya, kwa sababu tashihisi kwa undani wake ni ulinganishi na binadamu. Tofauti ni kwamba mtu huyo hakutajwa. Mshairi angesema "njaa ni mdai mlangoni", kuna nomino ya pili, nayo ingekuwa sitiari. Aliposema "njaa yabisha", kuna kitenzi cha mtu peke yake. Nomino ya pili ikiwepo, sitiari. Kitenzi cha mtu kikiwa peke yake, tashihisi.

Kuhusu uandishi wa jibu, nimeona alama nyingi zikimwagika hapa kuliko kwenye utambuzi wenyewe. Mwanafunzi anaandika "Tashbihi – ubeti wa 1" na kuendelea na swali jingine. Kutaja jina la tamathali bila mfano hakumthibitishii mtahini kwamba umeiona. Mwingine hunakili ubeti mzima wa mishororo minne, akimwachia msahihishaji kazi ya kutafuta. Andika hivi:

*Tashihisi – "Njaa yazunguka nyumba, yabisha ikaondoka." Njaa imepewa uwezo wa binadamu wa kuzunguka nyumba na kubisha mlango.*

Jina, maneno yenyewe ndani ya alama za kunukuu, na sentensi moja ya maelezo. Sentensi hiyo ni bima yako. Mshororo wa "uzi mithili ya kamba, hautaki kukatika" una tamathali mbili, na usipoeleza, mtahini hajui ni ipi unayoizungumzia.

Ukishamaliza, chukua tashbihi moja uigeuze. Mimi huwapa ile ya sindano na kuku. Iwe sitiari: "Sindano ni kuku mwenye njaa." Iwe tashihisi, na hapa wengi huandika "sindano inadonoa", wakasahau kwamba hapo bado wanazungumzia kuku. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika: "Sindano imekikasirikia kidole cha fundi." Sikuwa na la kuongeza.

Shairi hili nilimsomea baba mwenyewe, barazani, akiwa bado na futi shingoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Huo mstari wa cherehani kucheka, umeutoa wapi, mwanangu?" Nikamwambia ni tashihisi. Akatikisa kichwa, akafungua droo kutafuta kopo la mafuta. "Ikicheka hivyo," akasema, "imekauka."