COUNTIF inadai namba za NIDA zimejirudia

> "Rejista ya wagawiwa iko Excel. COUNTIF inaonyesha namba za NIDA zilizojirudia, ila ni watu tofauti. Niwafute?"

Habari ndugu. Usifute mtu. Bonyeza seli moja utazame namba nzima pale juu. Ikiishia na sifuri tano, Excel imeshaiharibu: namba ya NIDA ina tarakimu 20, Excel hushika 15 tu. Hizo 15 ni tarehe ya kuzaliwa, msimbo wa posta na mwanzo wa namba ya mfululizo, kwa hiyo wazee wawili wa kata moja walioandikiwa 1 Januari mwaka mmoja watafanana. Geuza safu iwe Text, kisha andika upya kutoka kwenye fomu za karatasi.

Hata baada ya hapo COUNTIF huzilinganisha kama namba, ila fomula hii husoma tarakimu zote, namba zikiwa safu C:

```
=SUMPRODUCT(--(C$2:C$601=C2))
```

Ikitoa 2 au zaidi, linganisha jina na kitongoji. Aliyerudia kweli mwekee alama na sababu, mstari wake ubaki, maana mkaguzi ataulizia namba ya kadi iliyoruka.

Mume na mke waliojiandikisha kama kaya mbili fomula haiwaoni kabisa. Kuwapata hao, msomeeni mwenyekiti wa kitongoji orodha kabla ya siku ya ugawaji.